Msihesabu Makosa Tuliyoyaacha: Barua ya Wazi kwa Wathibiti Ubora wa Shule na Walimu Wakuu

Waheshimiwa Wathibiti Ubora wa Shule, nanyi Walimu Wakuu wetu,



Ninafundisha Kiswahili darasa la nne katika shule ya msingi ya serikali. Nawaandikia juu ya jambo moja tu, nalo ni madaftari ya utungaji mnayoyakagua mnapotutembelea. Ombi langu ni kwamba mnapofungua daftari la mtoto msianze kwa kutafuta makosa ambayo mwalimu hakuyazungushia duara. Someni kwanza mwalimu amemwandikia nini mtoto, kisha mgeuze ukurasa mwone mtoto amefanya nini na maneno yale.

Najua kwa nini wino mwekundu unathaminiwa. Mthibiti ana shule nyingi na siku chache, na ukurasa uliojaa wino ni ushahidi wa haraka kwamba mwalimu amepita hapo. Mwalimu mkuu naye anataka daftari litakalomridhisha mgeni. Basi walimu tumezoea kuweka kile kinachotazamwa: vema, maduara, alama juu ya kumi, "Ongeza bidii", saini na tarehe. Mtoto akirudishiwa daftari hutafuta tarakimu, huchungulia ya jirani, kisha hulifunga. Yale maduara hayasomi, na hata angeyasoma yasingemwambia la kufanya.

Niruhusuni niweke insha moja mbele yenu ili tuzungumze tukiitazama. Nimeitunga mwenyewe kwa kufuata zile ninazozisoma kila wiki, kwa sababu sipendi kumwanika mtoto wa mtu. Kichwa chake ni "Siku mbuzi wetu alipopotea":

"Sikumoja mbuzi wetu alipotea alafu mimi na kaka tukaenda kumtafuta alafu tukaona nyayo kwenye mchanga alafu tukazifuata alafu tukamsikia analia alafu tukamkuta kamba yake imenasa kwenye mti wa mkwaju alafu nikaogopa sana kwasababu giza lilikua limeingia. tukarudi bibi akafulahi."

Chukulieni kwamba maneno "wa mkwaju" yameandikwa juu ya mstari, kwa herufi ndogo zilizobanana, na chini yake kuna alama ya kalamu inayoonyesha pa kuyaingiza.

Mwalimu anayesahihisha kwa mazoea ataona hapa makosa 11 ya tahajia na herufi kubwa, kabla hajagusa nukta zilizokosekana. Atazungusha "Sikumoja". Atazungusha "alafu" mara sita. Ataendelea na "kwasababu", "lilikua", "tukarudi" iliyoanza na herufi ndogo, na "akafulahi". Pengine ataandika pembeni "daftari chafu" kwa ajili ya yale maneno yaliyoingizwa juu ya mstari. Mwisho ataweka 4 juu ya 10 na "Ongeza bidii". Kazi hiyo yote ni ya haki, na kila duara lina sababu yake. Lakini mtoto atakayelipokea daftari hilo hajui aanzie wapi. Maduara yote yana rangi moja na ukubwa mmoja, kana kwamba herufi "h" iliyokosekana na sentensi isiyo na mwisho ni mambo yenye uzito sawa.

Sasa tuisome insha hiyohiyo tukitafuta mambo mawili tu: mahali ambapo bidii ya mtoto inaonekana kwenye karatasi, na jambo moja ambalo akilifanya leo, kazi hii itakuwa bora na inayofuata pia.

Bidii ni ile alama ndogo chini ya "wa mkwaju". Mtoto aliandika "mti", akaendelea, kisha akarudi. Aliona kwamba neno "mti" halitoshi, akamwambia msomaji ni mti gani. Hakuna aliyemwamuru. Mtoto wa darasa la nne anayerudi kwenye sentensi yake na kuirekebisha anafanya kile hasa tunachokiita uandishi, na sisi tumekuwa tukimnyima alama za usafi kwa ajili yake. Naomba mlitazame hili kwa jicho jipya. Daftari la utungaji lisilo na neno hata moja lililofutwa mara nyingi ni daftari la mtoto aliyenakili, au la mtoto aliyejifunza kuogopa kufuta.

Ndiyo maana sifa ya "Umejitahidi" haitoshi. Mtoto hajui alijitahidi wapi. Baada ya kuisoma kwenye madaftari ya watoto wote, aliyeandika ukurasa mzima na aliyeandika mistari miwili, anaichukulia kama sehemu ya saini. Sifa inayofanya kazi hutaja kitendo: umerudi hapa, umeongeza hiki, na mimi msomaji nimepata hiki. Mtoto anaweza kukirudia kitendo, lakini hawezi kurudia "Vizuri sana".

Kusifu akili nako kuna madhara yake. Mwaka 1998 watafiti Claudia Mueller na Carol Dweck wa Marekani walichapisha majaribio waliyoyafanya na watoto wa darasa la tano. Baada ya mafumbo ya kwanza, baadhi ya watoto waliambiwa wamefanya vizuri kwa sababu wana akili, na wengine kwa sababu wamefanya bidii. Kisha wote wakapewa mafumbo magumu wakashindwa. Waliosifiwa akili walikata tamaa upesi zaidi na hata mafumbo mepesi yaliyofuata hawakuyafanya vizuri kama mwanzo, ilhali waliosifiwa bidii waliendelea kujaribu. Ukimwandikia mtoto "Una akili sana", siku atakapopata kosa atajiuliza kama akili imemtoka. Hata hivyo Dweck mwenyewe ameonya baadaye kwamba sifa ya bidii isigeuzwe kuwa pole ya kumtuliza mtoto asiyesonga mbele. Lazima ifuatane na kumwonyesha njia, na hapo ndipo linapokuja lile jambo moja.

Kulichagua ndiko kugumu, na ndiko kunakohitaji mwalimu anayeijua lugha yake. Katika insha ya mbuzi kuna mambo manne yanayogombania nafasi: tahajia ya "halafu", kurudiwarudiwa kwa neno hilo, nukta, na ile hofu iliyotajwa kwa neno moja tukaachwa tusione alichokiogopa. Wengi wetu tungekimbilia lile la pili. Tungeandika: "Usirudie neno moja. Tumia viunganishi mbalimbali." Mtoto mtiifu angetoa "alafu" akaweka "kisha", "baadaye", "ndipo" na "baada ya hapo". Tungempa vema. Na sentensi ingebaki ileile moja ndefu isiyo na pa kupumulia.

Tazameni vitenzi vyake: tukaenda, tukaona, tukazifuata, tukamsikia, tukamkuta. Mtoto huyu anakitumia kiambishi "-ka-" bila kukosea hata mara moja, na "-ka-" yenyewe inasema kwamba jambo hili lilifuata lile. Hana upungufu wa viunganishi, maana kitenzi chenyewe kinaunganisha. Anarudia "alafu" kwa sababu ameiweka mahali pa nukta. Kila anapomaliza jambo moja anahisi, na anahisi sawasawa, kwamba pale panahitaji kitu, na kitu pekee alichonacho mkononi ni neno analolisikia kila siku watu wakisimulia. Kwa hiyo kosa ni moja, limejitokeza mara sita. Akijifunza nukta, "alafu" zitaondoka zenyewe pamoja na tahajia yake mbaya.

Hivi ndivyo ningemwandikia, baada ya kuanza na jina lake:

"Uliandika 'mti', ukarudi ukaongeza 'wa mkwaju'. Sasa nauona mti wenyewe. Kurudia kazi namna hii kumeifanya hadithi yako iwe bora. Leo isome kwa sauti ndogo kuanzia mwanzo mpaka 'analia'. Kila jambo moja linapokwisha, futa 'halafu', weka nukta, anza na herufi kubwa."

Kila sehemu ya maneno hayo ina kazi yake. Kazi ya mtoto ina mipaka, kuanzia mwanzo mpaka "analia", wala si insha nzima, kwa sababu mtoto akipewa kipande kidogo anakimaliza. Ameambiwa njia ya kupagundua mahali pa nukta, yaani kusoma kwa sauti, kwa hiyo kesho anaweza kuifanya bila mimi. Nami nimeandika "halafu" kwa "h" bila kuisemea. Anayenakili neno hilo ili alifute ataiona "h" hiyo, na wengi huiona.

Akiitikia, mistari yake itasomeka hivi: "Siku moja mbuzi wetu alipotea. Mimi na kaka tukaenda kumtafuta. Tukaona nyayo kwenye mchanga. Tukazifuata. Tukamsikia analia." Hakuna neno jipya hata moja, na hadithi imepata mwendo. Pengine mtoto ataandika tena "Sikumoja" kama neno moja, na "akafulahi" itabaki pale chini kama ilivyokuwa. Hapo ndipo ninapowaombea walimu wenzangu ulinzi wenu, kwa sababu mgeni atakayeliona daftari hili anaweza kuandika kwenye taarifa kwamba mwalimu hasahihishi makosa.

Makosa hayo hayajasahauliwa. Mwalimu anayafungulia ukurasa kwenye daftari lake mwenyewe. Akimaliza rundo la wiki huona kwamba, mathalani, nusu ya darasa wanaandika "kwasababu" na "lilikua". Kosa la nusu ya darasa linasahihishwa ubaoni, kwa dakika kumi za mwanzo wa kipindi, watoto wote wakisikia. Kuliandika kosa hilohilo pembeni mwa madaftari 30 ni kuupoteza usiku. Nafasi ya maoni ya mwalimu ni jambo linalomhusu mtoto huyu peke yake kwa siku hii.

Lipo pia kosa ambalo maoni ya kuandika hayaliwezi kabisa, nalo ni la "akafulahi". Mtoto aliyelelewa kwa lugha isiyotenganisha "l" na "r" anaandika anachokisikia, na anaandika kwa uaminifu. Ukizungusha "l" yake hajui umezungusha nini, kwa kuwa masikioni mwake hizo mbili ni sauti moja. Huyo anahitaji kusikilizishwa jozi za maneno, kwanza "lea" yenye maana na "rea" isiyo na maana, kisha "kula" na "kura" zenye maana mbili tofauti, mpaka sikio lifunguke. Hilo ni zoezi la mdomo, na huchukua muda mrefu. Vivyo hivyo kwa mtoto ambaye hajamaliza safari ya kusoma na kuandika ya madarasa mawili ya kwanza. Kumwandikia aya ya maoni mtoto asiyeweza kuisoma ni kuandikia kuta. Nenda ukae naye, msomee alichokiandika, mwoneshe kwa kidole.

Mtoto mwingine anaweza kuandika kisa hichohicho cha mbuzi kwa nukta zilizokaa sawa, na huyo nisingemgusia nukta. Ningemuuliza juu ya hofu: "Umesema uliogopa. Gizani ulisikia nini, na ulifanya nini? Ongeza sentensi mbili baada ya 'nikaogopa sana'." Insha ni ya kisa kimoja, lakini hatua inayofuata si moja. Mkikuta madaftari mawili ya dawati moja yenye maoni tofauti kwa kazi ileile, msidhani mwalimu hana kigezo.

Maneno yenyewe nayo yana mitego. Mtego mkubwa ni "lakini". "Hadithi yako nzuri lakini hujui kuweka nukta" ni sentensi ambayo mtoto huisoma kuanzia "lakini". Kuna maswali yasiyotaka jibu, kama "Nukta ziko wapi?" au "Ulikuwa umelala?", ambayo mtoto huyapokea kama makofi. Kuna kumlinganisha na mwenzake, jambo linalomuumiza mmoja na kumpa mwingine mzigo wa kuchukiwa. Kuna maneno ya mtaala, "zingatia mtiririko wa mawazo", ambayo yangemfaa mwanachuo wa ualimu. Na kuna mwandiko wetu wenyewe, wa haraka na wa kuunganisha herufi, ambao mtoto wa miaka kumi anautazama kama mapambo. Maoni kwa mtoto yaandikwe kwa herufi zilizoachana, kwa sentensi fupi, na yamwelekee yeye. Mengi yaliyomo kwenye madaftari yetu leo yameandikwa ili mzazi au mkaguzi ayasome, na mtoto hulijua hilo mapema kuliko tunavyodhani.

Nije kwenye alama, jambo ambalo najua litawapa taabu zaidi. Mwaka 1988 mtafiti Ruth Butler alichapisha utafiti alioufanya Israeli kwa watoto wa darasa la tano na la sita. Kundi moja lilirudishiwa kazi ikiwa na alama peke yake, kundi la pili maoni peke yake, la tatu alama pamoja na maoni. Waliopata maoni peke yake waliendelea vizuri zaidi katika kazi zilizofuata na hamu yao ikabaki. Waliopata vyote viwili hawakufaidika kama wao. Yeyote aliyewahi kurudisha madaftari darasani anaweza kueleza sababu, maana mtoto akishaiona 4, maneno yaliyo chini yake hayana tena la kumwambia. Akiiona 9, hayana pia.

Sisemi alama zifutwe. Tuna upimaji wa kitaifa wa darasa la nne, tuna mtihani wa darasa la saba, na mzazi ana haki ya kujua mtoto wake amesimama wapi. Ninachoomba ni kwamba utungaji wa mazoezi urudishwe ukiwa na maoni bila tarakimu. Mwalimu abaki na alama yake kwenye rekodi yake, na mwisho wa mwezi insha moja, iliyokwisha kurekebishwa na mtoto mwenyewe, ipewe alama hadharani. Mkikuta daftari lenye insha tatu bila alama na ya nne yenye alama, jueni kuwa ni utaratibu huo.

Mtaniuliza muda unatoka wapi, na swali hilo ni la haki. Chukueni darasa la watoto 72, ambalo kwa wengi wetu si kubwa. Kusoma insha ya nusu ukurasa na kuandika maoni ya sentensi nne au tano kwa herufi zinazosomeka huchukua kama dakika 3. Kwa watoto wote ni dakika 216, zaidi ya saa tatu na nusu, na mwalimu huyohuyo ana somo la pili na la tatu. Akilazimishwa kufanya hivyo kila wiki ataandika "Vizuri, ongeza bidii" mara 72, na atakuwa ametii. Afadhali darasa ligawanywe makundi manne ya watoto 18. Wiki hii kundi la kwanza linapata maoni kamili, dakika 54 za kazi, na madaftari ya makundi mengine yanasomwa kwa haraka ili mwalimu ajaze ule ukurasa wake wa makosa ya wengi, akiweka saini na tarehe tu. Kwa mwezi kila mtoto amepata maoni mara moja, yaliyomhusu yeye. Mkikagua wiki ya pili mtakuta madaftari 54 yasiyo na maoni mapya. Ulizeni ratiba ya makundi. Ikiwa imebandikwa ukutani na tarehe zinalingana, mwalimu amefanya kazi yake.

Sehemu inayosahaulika kuliko zote ni mtoto kujibu. Maoni yasiyofuatwa na muda wa kuyafanyia kazi yanaharibika siku ileile. Kipindi chetu ni cha dakika 40. Siku ya kurudisha madaftari natenga 15 za mwanzo. Watoto 18 wa kundi la wiki wanasoma maoni yao na kuandika upya kile kipande walichoelekezwa, chini ya insha, kwa kalamu au penseli. Wakati huo wengine wanasomeana kazi wawili wawili kwa sauti ndogo, kila mmoja akitafuta sentensi moja ya mwenzake aliyoipenda na kuipigia mstari. Napita kati ya madawati. Hapo ndipo ninapojua kama maoni yangu yalikuwa mazuri. Mtoto akikaa anautazama ukurasa bila kuandika, kwa kawaida tatizo ni sentensi yangu. Labda nimemwambia "boresha" bila kumwonyesha pa kushika. Namuuliza, "Umeelewa nimekuomba nini?" na jibu lake linanifundisha namna ya kuandika maoni ya kesho.

Mwezi unaofuata, kabla ya kuandika lolote kwa mtoto yule wa mbuzi, nafungua maoni yake ya nyuma. Nukta zimekaa? Kama zimekaa, namwandikia hivyo, nikitaja sentensi: "Mwezi uliopita tulizungumza juu ya nukta. Katika hadithi hii umeziweka mwenyewe mpaka mwisho." Hiyo ndiyo sifa ya bidii yenye ushahidi, na hakuna mtoto asiyeinua kichwa anapoisoma. Kama hazijakaa, siandiki jambo jipya juu ya la zamani. Narudi palepale kwa njia nyingine. Pengine nanakili sentensi zake mbili kwa mwandiko wangu bila nukta, kisha namwomba aweke nukta moja. Mtoto akirudiwa jambo lilelile miezi mitatu mfululizo bila mabadiliko, tatizo halipo tena kwenye maoni. Ni lazima akae na mwalimu, na pengine aangaliwe macho au masikio.

Wazazi nao wana sauti hapa, na wapo watakaokuja kuuliza kwa nini "akafulahi" haikusahihishwa. Naomba walimu wakuu wasitusukume mbele yao peke yetu. Katika kikao cha wazazi cha mwanzo wa muhula onyesheni daftari moja, kwa ruhusa ya mtoto na mzazi wake: kazi ya kwanza, maoni, kipande kilichorekebishwa, kazi ya mwezi uliofuata. Mzazi hahitaji nadharia. Akiiona "Mimi na kaka tukaenda kumtafuta" imekaa peke yake na nukta yake, atajua mtoto wake amejifunza kitu.

Kuna jambo ambalo lipo mikononi mwenu kabisa na halihitaji fedha. Tayari tuna MEWAKA, yale mafunzo endelevu ya walimu kazini, na shule nyingi zina siku ya walimu kukaa pamoja kama jumuiya ya kujifunza. Ruhusuni kikao kimoja kila muhula kiwe cha maoni ya utungaji. Kila mwalimu alete madaftari matano. Tubadilishane, na kila mmoja asome maoni ya mwenzake akijiuliza maswali mawili: naweza kukinyooshea kidole kile kilichosifiwa? Na ningekuwa mtoto, ningejua la kufanya sasa hivi? Mwalimu wa hisabati au sayansi anaweza kuwa msomaji bora kuliko sisi wa Kiswahili, kwa sababu hana mazoea ya kujaziliza alichokusudia mwenzake. Mthibiti akiwa kwenye ziara siku hiyo, naomba aketi nasi, na yeye pia aandike maoni kwenye insha moja. Tutaelewana haraka zaidi kuliko kwa taarifa.

Na mnapokuja kukagua, chagueni madaftari sita bila kumwachia mwalimu ayachague: mawili ya watoto wanaoongoza, mawili ya katikati, mawili ya wanaosota. Tazameni hasa hayo mawili ya mwisho, kwa kuwa ndiko maduara hujaa na maneno huisha. Kisha mwiteni mtoto mmoja, mketisheni karibu, mwambieni asome maoni ya mwalimu kwa sauti na awaonyeshe kwa kidole alichobadilisha baada ya kuyasoma. Mpeni muda, asiharakishwe, maana mgeni humtia mtoto woga. Akiweza kuonyesha, andikeni hivyo kwenye taarifa kwa maneno yaleyale, hata kama juu ya kidole chake kuna "akafulahi" isiyo na duara. Akishindwa kuyasoma, au akiyasoma asionyeshe chochote, mwambieni mwalimu waziwazi, nami nitakuwa wa kwanza kuunga mkono.

Wenu katika kazi,

Mwalimu wa Kiswahili, darasa la nne